Ikisiri ya Maneno Mia Tatu

Katika idara nzima ya Kiswahili hapakuwa na mtu aliyemwita mama yule kwa jina lake. Walimwita Mama Nukta, kwa sababu aliweza kusimama mlangoni mwa ofisi ya mwenzake akadai nukta iliyosahauliwa utadhani anadai mkoba wake. Alifundisha tafsiri. Wanafunzi wake wote walitoka darasani na wimbo mmoja kichwani: msomaji kwanza, maneno baadaye. Ukimpelekea tafsiri sisisi, ile inayofuata maneno ya mwandishi moja baada ya jingine kama yalivyojipanga, alikurudishia karatasi akisema hiyo si tafsiri, ni maiti iliyovishwa suti. Yeye alikuwa mtu wa tafsiri huru. Shika maana, achia maneno, sema kama msomaji mwenyewe angesema. Na alikuwa hodari kweli, tusimnyime haki yake.

Kwa hiyo mkamwana wake alipoandika utafiti wake kwa Kiswahili na kutakiwa ikisiri kwa Kiingereza, hakuhangaika kutafuta mfasiri. Alibisha hodi ofisini kwa mama mkwe wake, akaweka karatasi moja mezani.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja na mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wenyewe ndio huu? Huu hata panya anabeba."

"Panya habebi roho za watu, Mama."

Alisema akicheka, lakini hakuwa anatania. Mkamwana huyu alikuwa mtaalamu wa tiba ya usemi hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kusema tena watu walionyang'anywa maneno na kiharusi. Pale hospitalini palikuwa na utaratibu: mgonjwa anaonyeshwa picha, kikombe, kijiko, kiatu, anaambiwa avitaje. Akishindwa, anajaribiwa tena baada ya muda. Akishindwa tena, jina lake linaondolewa kwenye orodha ya mazoezi na nafasi anapewa mwingine, kwa kuwa ubongo wake umehesabiwa kuwa hauna cha kujenga juu yake. Utaratibu huo haukutungwa pale. Ulitoka kwenye mwongozo wa chama cha wataalamu wa nje, na chama hicho kilikuwa kinakutana mwaka huo kuupitia upya. Atakayekubaliwa kutoa mada atasikilizwa. Atakayekataliwa ndiyo basi. Na kilichokuwa kinasomwa ili mtu akubaliwe ni ikisiri tu, muhtasari wa ukurasa mmoja: lengo la utafiti, mbinu, matokeo, hitimisho. Kwa Kiingereza. Maneno yasizidi mia tatu.

"Nina wagonjwa ambao wakitolewa mwezi ujao hawatarudi," alisema mkamwana. "Mmoja alikuwa fundi saa. Miaka yote ametengeneza saa za watu, na leo ukimwonyesha saa anaishia kuikodolea macho."

"Niachie. Kesho uifuate."

Kesho yake ilikuwa tayari. Mama Nukta aliifanya asubuhi moja, chai ikipoa pembeni, akiwa anaimba kwa pua. Zile sentensi ndefu za kitaaluma, za "aidha, matokeo yamebainisha ya kuwa," alizikata zikakaa sawa. Palipokuwa na maelezo marefu kuhusu salamu, nani alimwamkia nani na nani akaitikia vipi, aliyakusanya yote katika sentensi moja laini: kwamba wagonjwa walioshindwa kutaja vitu bado waliweza kusalimiana kwa adabu inayotakiwa na jamii yao. Palipoandikwa "yaelekea", akaona linapunguza nguvu, akaliacha. Alisoma kwa sauti. Kiingereza kilitiririka. Maneno hayakufika hata mia mbili na hamsini, akajisifu kimoyomoyo, mkamwana akatuma.

Jibu lilirudi baada ya wiki mbili. Wasomaji wa chama walisema kazi imeandikwa kwa Kiingereza kizuri sana. Halafu wakasema kuwa kwa wagonjwa wa aina hiyo kubakiwa na salamu, nyimbo, kuhesabu na hata matusi ni jambo linalojulikana zamani katika fani yao, maana hayo hutoka yenyewe bila mtu kuyafikiri. Hawakuona jipya. Kama mwandishi ana la kuongeza, alete ikisiri nyingine kabla ya Ijumaa.

Mama Nukta alisoma barua pepe ile akiwa amesimama. Yale maneno ya kusifu Kiingereza yalimchoma kuliko tusi.

"Mama, usijali," alisema mkamwana. "Pengine ni mimi sikueleza vizuri."

Angemlaumu ingekuwa afadhali. Lakini mkwe halaumiwi, basi lawama zikabaki kifuani kwa kila mmoja. Mkamwana akatoa karatasi ya pili kwenye mkoba. Alikuwa ameifanya mwenyewe usiku uliopita, na safari hii hakumwamini mtu: alifuata Kiswahili chake neno kwa neno. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, chenye mtenda, wakati na mtendwa ndani yake, kilipopasuliwa kwa Kiingereza kilitoa maneno manne au matano, kwa hiyo ikisiri ilikuwa imevimba hadi kupita mia nne. "Shikamoo" yenyewe aliitafsiri kwa ile maana inayosemekana ndiyo asili yake, ya kushika miguu.

Mama Nukta alijizuia kusema habari ya maiti na suti. Badala yake alifanya jambo ambalo aliwalazimisha wanafunzi wake wote kulifanya, na ambalo yeye mwenyewe, kwa kujiamini, alikuwa ameliruka. Aliliita kusimuliwa. Unamtafuta mtu asiyejua lugha ya kwanza, unampa tafsiri, anaisoma mara moja, anaifunika kifudifudi, halafu anakusimulia alichokielewa. Humsaidii. Humdokezi. Anachokusimulia ndicho ulichotafsiri, upende usipende.

Mtu wenyewe alikuwa chumba cha pili. Alikuwa mwalimu mgeni wa takwimu, mzee mrefu mwenye soksi za rangi mbili tofauti, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye bei ya nyanya. Wanafunzi walimwita Asilimia. Walizungumza naye kwa Kiingereza. Mama Nukta alimpa kwanza ile tafsiri yake nzuri.

Asilimia akasoma, akafunika. "Watu waliopata kiharusi, wasioweza kutaja vitu, wanaweza kusalimia."

"Ehe?"

"Basi. Kulikuwa na kingine?"

Mkamwana alitazama dirishani. Mama Nukta akampa ya pili. Safari hii Asilimia alikunja uso, akarudi nyuma, akasonga mbele, akafunika karatasi kama anayeshukuru kuachana nayo.

"Kuna vijana wanaingia chumbani wakisema wanashika miguu ya wagonjwa," alisema taratibu. "Wagonjwa wanawakaribisha. Halafu wagonjwa nao wanataka kushika miguu ya wazee. Samahani, hili ni zoezi la viungo?"

Mkamwana aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kikawa karibu kilio. Mama Nukta alimwongoza hadi kwenye korido, akamshika bega.

"Mwanangu, niambie ukweli. Mimi nimeifasiri ikisiri yako, lakini sasa nahisi sijaielewa. Nini hasa ulichokiona huko?"

"Nilikiandika, Mama."

"Uliandika. Mimi nikasoma neno salamu, nikaona nalijua. Nionyeshe."

Mchana ule walikwenda hospitalini. Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa jengo, kina meza moja, viti vinne, kabati la kadi za picha, na kioo ukutani cha kumsaidia mgonjwa kuona midomo yake. Mkamwana alifungua kompyuta. Familia za wagonjwa zilikuwa zimekubali video zao zitumike kwa kazi ya utafiti, tafsiri ikiwemo, na ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya yule fundi saa.

Alikuwa mzee wa miaka kama sabini, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliwekewa mbele saa ya mkononi. Akaichukua, akaigeuza, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kile kipini cha kutilia ufunguo, akakizungusha kidogo akiwa ameinamisha sikio. Aliijua kuliko yeyote chumbani. Akafungua mdomo kuitaja. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, midomo ikatafuta umbo la neno na kulikosa, na machozi yakamlenga.

"Hapo ndipo jaribio la hospitali linapoishia," alisema mkamwana. "Wanaandika sifuri, anaitwa mwingine. Sasa tazama langu."

Katika video iliyofuata mlango ulifunguka, akaingia muuguzi kijana. "Shikamoo, mzee." Fundi saa akainua kichwa. "Marahaba," akasema, wazi kabisa, sauti ya mtu mzima nyumbani kwake.

"Hiyo ndiyo wanayoijua," alisema Mama Nukta. "Imetoka yenyewe."

"Ndiyo. Ningeishia hapo, wangekuwa na haki kunikataa. Endelea."

Akaingia mwanamume wa rika lake, akampungia mkono tu, kimya. Fundi saa akasumbuka kidogo, akasema, "Ha-habari." Wala hakumpa marahaba. Kisha mlango ukafunguka mara ya tatu. Aliingia bibi kizee anayetembelea fimbo, mdogo, ameinama. Alikuwa shangazi yake fundi saa. Alikuwa ameombwa asiseme neno, na hakusema. Akasimama tu katikati ya chumba.

Fundi saa alimtazama. Kitambo kirefu hakikutokea chochote, na Mama Nukta akajikuta ameshika ukingo wa meza. Yule mzee aliweka mikono yote miwili mezani, akajisukuma, akanyanyuka kitini, mguu wake mmoja haukuwa na nguvu, akanyanyuka hivyo hivyo. Akainamisha kichwa.

"Shi," akasema. "Shika. Shikamoo."

Mama Nukta alisogeza kiti karibu na kompyuta. Alikuwa amesema shikamoo na kuitikia marahaba tangu alipoanza kutamka, mara ngapi kwa siku hata hangeweza kukisia, na hakuwahi kufikiri kuna nini ndani yake. Sasa aliliona neno likitengenezwa mbele ya macho yake, kutoka sifuri, na mtu asiyeweza kutaja saa. Hakuna aliyemwanzishia. Hakuna aliyempa la kuitikia. Ilimbidi amtazame aliyeingia, amjue, ajipime naye, aone nani mkubwa na nani mdogo, halafu kati ya salamu zote achague iliyo haki ya mtu huyo. Yote hayo yalikuwa yamebaki mazima katika kichwa ambacho watu wa picha na kadi walikuwa wamekifunga na kukiandika hakina kitu.

"Ameijua nafasi yake," alisema hatimaye. "Huyu mtu yumo humo ndani. Yumo mzima."

"Ndiyo, Mama. Na wako wengi. Katika ishirini na wawili walioshindwa picha, kumi na saba walibadilisha salamu kulingana na aliyeingia. Watano waliobaki walijibu marahaba kwa kila mtu. Hao ndio wanaofanana na wanaoelezwa katika vitabu vya chama."

"Na mimi nikaandika wanasalimiana kwa adabu." Mama Nukta alivua miwani, akaifuta na upindo wa kitenge, akaivaa ikiwa na ukungu ule ule. "Nimeufuta utafiti wako kwa sentensi moja nzuri. Nisamehe, mwanangu."

"Tumefuta wote. Mimi niliwashikisha watu miguu."

Wakacheka, na kwa mara ya kwanza tangu barua pepe ile ije wakacheka pamoja. Mama Nukta aliomba kuona tena. Walimtazama fundi saa akinyanyuka mara ya pili, na mara ya tatu.

Walianza kazi pale pale, kwenye meza ya wagonjwa, kadi za vikombe na viatu zimesukumwa kando. Kwanza waligawa ikisiri. Mama Nukta alichora mstari chini ya sentensi zinazobeba tu, zile za utafiti huu ulilenga, data zilikusanywa, uchanganuzi ulifanyika.

"Hizi ni gari," alisema. "Msomaji wa chama ana magari yake, tupakie humo. Hapa niache nifasiri huru, nikate, nifupishe. Kila neno nitakalookoa hapa tutalitumia kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye abiria." Akachora mistari miwili chini ya sentensi tatu tu za matokeo. "Hapa sigusi. Hapa nakwenda na wewe hatua kwa hatua. Nani aliingia, nani alianza, nani alinyamaza. Ukisema shangazi hakusema neno, nitasema hakusema neno. Wanaojua fani wataona wenyewe kwa nini ni kitu."

"Na hili neno yaelekea?" Mkamwana aligusa mstari wa hitimisho. "Katika ile ya kwanza hukuliweka."

Mama Nukta akaona aibu upya. Mkamwana alikuwa ameandika kwamba yaelekea uwezo wa kumpima mtu na kumchagulia salamu hubaki hata uwezo wa kutaja vitu ukipotea. Yeye alikuwa ameandika kwamba hubaki, kavu, utadhani ishirini na wawili ni dunia nzima. Alilirudisha neno mahali pake, kwa uzito ule ule, si pungufu si zaidi.

Ikabaki shikamoo. Hapo waligombana hasa. Mkamwana, aliyekwisha kuponzwa na tafsiri ya miguu, sasa alitaka iwe salamu ya heshima tu, ipite.

"Salamu ya heshima hata wao wanayo," alisema Mama Nukta. "Wanaisema kwa mkubwa na mdogo, kwa hakimu na kwa muuza duka. Ukiwaambia heshima, watasikia adabu, na adabu hutoka yenyewe. Tutarudi kule kule."

"Basi tueleze asili yake vizuri."

"Asili ya nini? Ulipoingia ofisini kwangu ukasema shikamoo, uliwaza miguu yangu?"

"Hata kidogo, Mama."

"Fundi saa naye hakuwaza miguu. Kwa hiyo neno kwa neno ni uongo, na huru ni uongo. Ukweli ni kazi inayofanya."

Nje kitanda cha magurudumu kilipita kinalia. Kisha Mama Nukta aliandika, akafuta, akaandika tena. Shikamoo aliiacha kama ilivyo, kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza, na marahaba kando yake. Baada ya kila moja aliweka maelezo mafupi: ile ya kwanza ni salamu ambayo mdogo humpa mkubwa na mkubwa hampi mdogo, ile ya pili ni jibu ambalo mkubwa peke yake anaweza kulitoa. Akaongeza kuwa ili kusema yoyote kati ya hizo, ni lazima msemaji aamue kwanza nani kati yao ni mkubwa. Alimsomea mkamwana. Mkamwana alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Hiyo ndiyo," alisema. "Kwa Kiswahili sikuiandika hivyo, lakini hiyo ndiyo."

"Kwa Kiswahili hukuhitaji. Kila msomaji wako alizaliwa akiijua."

Walihesabu maneno. Mia mbili tisini na nane.

Asubuhi yake walimpelekea Asilimia. Alisoma polepole. Alipofika karibu na mwisho alirudi juu, akasoma tena, ingawa sheria ilikuwa mara moja, na Mama Nukta akamwacha. Kisha akafunika karatasi na kiganja.

"Kuna mwanamume aliyesahau majina ya vitu," alisema. "Akaingia mwanamke, hakusema lolote. Na yule mwanamume alijua huyu ni mkubwa kwake, na akajua ana deni kwake la neno fulani, na akalitafuta neno hilo akalipa." Akamgeukia Mama Nukta. "Na watu wanasema mwanamume huyu hana kitu kichwani?"

"Ndivyo wanavyosema," alijibu Mama Nukta.

"Tumeni," alisema Asilimia. "Tumeni leo."

Walituma. Siku za kungoja Mama Nukta hakufundisha vizuri. Darasani mwanafunzi mmoja alisema, kwa kujipendekeza, kwamba tafsiri huru daima ni bora, na mwalimu wake akamkatiza kwa ukali ambao darasa zima lilishindwa kuuelewa. Watu wakimwamkia njiani alisimama na kuwatazama kabla ya kuitikia, hata wengine wakajiuliza wamemkosea nini.

Jibu lilikuja siku ya Jumatatu. Mkamwana alikimbia nalo idarani akiwa bado na koti jeupe la hospitali, akampa mama mkwe wake simu bila kuifungua.

"Soma wewe. Mimi macho yananicheza."

"Nikusomee kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili, Mama. Na usinipambie."

Mama Nukta akafungua. Akaipitisha macho, akajikohoza. Halafu, yeye ambaye kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa akikata na kulainisha, akaanza kufasiri neno baada ya neno, akiogopa kuangusha hata moja.

"Ikisiri yenu imekubaliwa," alisoma. "Tumeipanga katika kikao cha kupitia mwongozo. Tumeiandikia hospitali yenu kuomba wagonjwa hawa wasiondolewe kwenye mazoezi hadi kikao hicho kiishe." Akasogeza maandishi juu. "Na hili linalofuata halitoki kwa kamati, linatoka kwangu mimi mwenyekiti wake. Lugha yangu ina namna mbili za kusema wewe, moja ya mtu wa karibu, nyingine ya mtu wa kuheshimiwa. Kwa miaka ishirini na sita nimewatibu watu waliopoteza maneno. Sijawahi hata mara moja kusikiliza ni ipi wanayoniita. Leo asubuhi nimeingia chumbani kwa bibi mmoja ambaye nilikwisha kumwondoa kwenye orodha. Sikusema neno, nilisimama tu. Amenitazama, amehangaika, na ameniita wewe, ile ya mtoto wa nyumbani. Ana umri wa mama yangu. Nimemrudisha kwenye orodha."

Mkamwana alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango, akilia waziwazi. Mama Nukta alibaki na simu mkononi, akiitazama ile sentensi ya mwisho.

"Isome tena, Mama," alisema mkamwana.

Akaisoma tena, vile vile, hakubadilisha kitu.